Kuwasilisha mpango wa mwaka wa kamati ya maji mbele ya baraza: lengo la asilimia 20 litasimama?

Katibu wa Ruashi

Salamu kwenu wote. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kartie moja ya Ruashi, hapa Lubumbashi. Tuna kisima kirefu kimoja, pampu ya umeme, tangi la juu na vituo sita vya kuchotea, ambako bidoni ya lita 20 inauzwa franka 50. Wiki ijayo ninapaswa kuwasilisha mpango wa mwaka mbele ya baraza la uongozi, ambamo wameketi shefu wa kartie, mwakilishi wa parokia, na mzee mmoja aliyekuwa mhasibu wa Gécamines, ambaye haiachi tarakimu ipite bila kuihoji.

Mwaka uliokwisha tulilenga kuuza meta za ujazo 18,000, tukauza 14,600. Mita ya kisimani inaonyesha kwamba tulivuta 19,200. Mwaka huu ninapendekeza kuongeza mauzo kwa asilimia 20, yaani kufika 17,520, na matumizi makubwa mawili: kubadilisha bomba kuu linalovuja, dola 3,200, na kujenga vituo viwili vipya, dola 2,800. Najua swali la kwanza litakuwa kwa nini waamini lengo hili wakati lile la mwaka jana lilikosekana. Ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kupita njia hii.

Papa Kampemba

Katibu, nimekaa katika mabaraza ya aina hiyo kwa muda mrefu. Baraza lolote lazima lipunguze kitu ili lionekane limefanya kazi. Kwa hiyo ongeza asilimia 15 juu ya kila mstari wa matumizi, kisha ushushe lengo kidogo. Wakikata, unabaki na kile ulichokihitaji tangu mwanzo. Wasipokata, una akiba. Bomba andika 3,700, vituo andika 3,200, na mauzo andika 16,500. Hapo hakuna swali litakalokuangusha.

Mama wa Katuba

Mimi niko katika kamati ya wazazi ya shule moja ya hapa Katuba, na naona mnataka kupandisha bei ya maji kwa asilimia 20. Tafadhali msifanye hivyo bila kuwaita wananchi kwanza. Sisi tulipopandisha mchango wa wazazi, baraza lilikubali kwa dakika kumi, lakini muhula uliofuata theluthi moja ya wazazi hawakulipa, na pesa iliyoingia ilikuwa ndogo kuliko ya zamani.

Katibu wa Ruashi

Mama, asante, lakini bei inabaki franka 50. Asilimia 20 ni ya wingi wa maji tutakayouza.

Mhasibu mstaafu, Kamalondo

Papa Kampemba ana haki katika jambo moja: bei za vifaa hubadilika, na mpango usio na nafasi ya mabadiliko hayo utavunjika mwezi wa tatu. Lakini nafasi hiyo huandikwa kama mstari wake wenyewe, kwa jina lake, pamoja na maelezo ya nani anaruhusu itumike. Ukiificha ndani ya kila mstari, yule mzee wa Gécamines ataomba profoma ya bomba, ataona 3,200 pale ulipoandika 3,700, na kuanzia dakika hiyo hatasikiliza tena hesabu nyingine yoyote hata ikiwa ni ya kweli.

Kuhusu lengo: Katibu, asilimia 20 umeitoa wapi? Siulizi kwa ubaya, ndivyo baraza litakavyouliza. Kama jibu ni kwamba umechukua mauzo ya mwaka jana ukayazidisha, basi hauna lengo, una tumaini. Tuandikie kwanza mambo mawili: mauzo yamegawanyika vipi kati ya kiangazi na masika, na mauzo hayo mnayapima kwa mita au kwa daftari la muuzaji?

Katibu wa Ruashi

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, tulivuta meta za ujazo 12,200 tukauza 9,400. Miezi mingine sita ya mvua tulivuta 7,000 tukauza 5,200. Vituo vinne vina mita. Viwili vinategemea daftari la muuzaji, kwa sababu mita zao zilikufa na hazijabadilishwa.

Asilimia 20 tuliichagua kwa kuwa bomba jipya litaokoa maji mengi na vituo vipya vitaleta wateja wapya. Tulijumlisha vyote viwili.

Fundi wa pampu, Likasi

Hapo kwenye kujumlisha ndipo nina wasiwasi. Naomba mnivumilie, kwa maana mimi ni mtu wa bomba na si mtu wa karatasi.

Meta za ujazo 12,200 katika miezi sita ya kiangazi ni kama 66 kwa siku. Pampu yenu inatoa ngapi kwa saa, na umeme wa SNEL unawafikia saa ngapi kwa siku? Ikiwa ni pampu ya meta 6 kwa saa na umeme wa saa 11, basi mmefika mwisho: 6 mara 11 ni 66. Kiangazi hamna tone la ziada la kuvuta. Vituo vipya viwili vikifunguliwa Julai, vitauza maji gani? Yatakuwa yale yale yaliyookolewa na bomba jipya. Mmeyahesabu mara mbili.

Tena kuna jambo la pili. Maji yanayovuja kiangazi mkiyaokoa yanageuka mauzo, kwa sababu watu wako kwenye foleni na wengine huondoka na bidoni tupu. Lakini yanayovuja wakati wa mvua mkiyaokoa hayamletei mtu kiu. Watu wana visima vya uani na wanakinga maji ya mabati. Mtakachopata ni pampu kufanya kazi saa chache, yaani faktura ndogo ya umeme. Hiyo ni faida, ila si mauzo, na isiandikwe kwenye mstari wa mauzo.

Katibu wa Ruashi

Pampu ni ya meta 6 kwa saa, ndiyo. Na umeme wa kiangazi ulikuwa wastani wa saa 11, wakati mwingine chini ya hapo. Fundi, umeniamsha.

Mhasibu mstaafu, Kamalondo

Basi tuijenge upya, kwa utaratibu ambao utaweza kuurudia mbele ya baraza bila karatasi mkononi.

Unaanza na 14,600, kwa kuwa hiyo imeshatokea. Kiangazi kilipoteza 2,800. Tuseme bomba jipya litapunguza upotevu kwa nusu, hiyo ni 1,400 kwa kiangazi kizima. Lakini bomba halitakuwa tayari tarehe 1 Mei. Ukichimba mtaro mvua ikikatika na kumaliza mwisho wa Juni, zinabaki Julai hadi Oktoba, miezi minne kati ya sita, yaani kama 930. Hapo umefika 15,530.

Vituo vipya kiangazi havileti maji mapya, kama Fundi alivyosema. Novemba na Desemba pampu ina nafasi, kwa hiyo vinaweza kuongeza kitu. Kituo kimoja msimu wa mvua huuza wastani wa 144 kwa mwezi. Viwili kwa miezi miwili ni kama 580, lakini nusu ya hao watakuwa wateja wenu wa zamani waliohamia kituo kilicho karibu zaidi. Chukua 290. Jumla ni kama 15,800, ongezeko la asilimia 8.

Sasa mtu akikuuliza kwa nini si 20, unaweza kumwonyesha mahali ambapo maji yanaisha. Na mtu akikuuliza kwa nini si sifuri, unaweza kumwonyesha mahali ambapo yanatoka. Mwaka jana 18,000 haikuwa na mahali pa kuonyesha, ndiyo maana hata kueleza kwa nini ilikosekana ni vigumu kwenu leo.

Papa Kampemba

Mimi naona mnalikimbilia jibu dogo. Jenereta ipo, au siyo? Kama umeme ni saa 11, washeni jenereta saa nne zaidi, mtapata meta 24 kwa siku za ziada. Mjumbe yeyote mwenye akili atauliza hilo, na Katibu atakuwa hana la kujibu. Kwa miezi sita hiyo ni zaidi ya 4,000, lengo la 17,520 linapita kwa urahisi.

Fundi wa pampu, Likasi

Papa, swali lako ni zuri, na hakika litaulizwa. Lakini hesabu ifanywe hadi mwisho.

Jenereta ya kiasi hicho inakula kama lita 3 za mazutu kwa saa. Pampu inatoa meta 6 kwa saa hiyo, kwa hiyo ni nusu lita kwa kila meta ya ujazo. Tuchukue lita moja kwa franka 3,000 ili hesabu iwe nyepesi; Katibu ataweka bei ya siku hiyo. Kila meta ya ujazo inayovutwa inagharimu 1,500. Lakini kati ya 100 mnazovuta kiangazi mnauza 77 tu, kwa hiyo kila meta inayouzwa imebeba mazutu ya karibu 1,950. Muuzaji wa kituo anachukua ngapi?

Katibu wa Ruashi

Asilimia 20 ya mauzo.

Fundi wa pampu, Likasi

Meta moja ya ujazo ni bidoni 50, ni franka 2,500. Muuzaji 500. Mazutu 1,950. Mnabaki na franka 50, na hapo bado hamjabadilisha oili wala filta. Jenereta itaunguruma kiangazi kizima, mauzo yatapanda kwenye ripoti, na hazina itabaki ilivyokuwa au itapungua.

Mkibadilisha bomba kwanza, upotevu ukashuka nusu, mazutu kwa meta inayouzwa yanashuka hadi kama 1,700 na mnabaki na 300. Bado ni kidogo, lakini angalau kuna kitu cha kujadili. Kwa hiyo jibu la swali la jenereta ni: bomba kwanza, kisha turudi kwenye swali hilo tukiwa na mita mkononi.

Papa Kampemba

Hiyo nimeielewa. Lakini mazutu yakishuka bei, jibu linageuka.

Fundi wa pampu, Likasi

Linageuka, ndiyo. Ndiyo maana nasema Katibu aiweke hesabu hiyo kwenye karatasi kwa namna ambayo bei ya lita inaweza kubadilishwa papo hapo.

Mhasibu mstaafu, Kamalondo

Kuna swali moja ambalo bado hatujaligusa, na kama ningekuwa yule mzee wa Gécamines ningeanza nalo. Mnasema bomba linavuja, mnaomba dola 3,200. Mmejuaje kwamba maji yanapotea kwenye bomba? Vituo viwili havina mita. Muuzaji akiuza bidoni mia mbili na kuandika mia moja na hamsini, kwenye hesabu zenu hayo maji nayo yanaitwa uvujaji.

Fundi wa pampu, Likasi

Hilo linapimika kwa usiku mmoja. Jioni jazeni tangi, zimeni pampu, fungeni vituo vyote sita na kuacha bomba kuu likiwa na maji. Pimeni kina cha tangi, na asubuhi kabla ya kufungua pimeni tena. Kiangazi mlikuwa mnapoteza kama meta 15 kwa siku. Kama zote zinatoka bombani, basi kwa saa 8 za usiku tangi litapungua kama meta 5. Likipungua 1 tu, acheni kwanza kununua bomba na mwende mkaongee na wauzaji. Angalizo: usiku presha haibadilikibadiliki kama mchana, kwa hiyo jibu ni la kukadiria, si la mahakama.

Kijana wa Bel-Air

Mimi kazi yangu ni kuandaa slaidi. Ninaweza kumsaidia Katibu kutengeneza slaidi kama ishirini zenye rangi na michoro, baraza hupenda.

Mhasibu mstaafu, Kamalondo

Kijana, asante. Ukurasa mmoja uliogawiwa siku tatu kabla ya kikao utamsaidia zaidi. Vichwa vya matumizi kwenye ukurasa huo vifanane na vile vya hesabu za mwaka, kwa sababu wajumbe huweka karatasi mbili pamoja. Katika OHADA, jumuiya ya nchi zetu yenye sheria moja za biashara, mashirika yasiyolenga faida yana mfumo wao wa hesabu unaotumika tangu 1 Januari 2024. Kama mweka hazina amekwisha kuufuata huku mpango bado una vichwa vya zamani, robo ya kikao itaishia hapo.

Katibu wa Ruashi

Tumefanya jaribio la usiku, mimi pamoja na mlinzi na mweka hazina, ili asiwepo mtu wa kusema nimepima peke yangu. Tangi lilipungua meta 3.5 kwa saa 8.

Fundi wa pampu, Likasi

Hiyo ni kama 10.5 kwa siku. Kati ya 15 zinazopotea, bomba linakula kama mbili za tatu. Zilizobaki zinapita vituoni, hasa nadhani vile viwili visivyo na mita. Kubadilisha bomba kunasimama. Lakini ongezeni mita mbili. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bomba, na bila mita hizo kila mwaka mtakuwa mnabishana juu ya hiyo theluthi.

Mama wa Katuba

Sasa nimewafuata vizuri, na nina neno. Nyote mnaongea kana kwamba vituo viwili vipya ni biashara mbovu. Dola 2,800 kwa meta 290, kila mtu anaona haifai. Lakini Katibu, vituo hivyo viliombwa na nani, na kwa nini?

Katibu wa Ruashi

Viliombwa na akina mama wa upande wa chini wa kartie. Kituo cha karibu kwao kiko mbali, na watoto wa kike ndio wanaotumwa alfajiri.

Mama wa Katuba

Basi msiviweke kwenye mstari wa mauzo kabisa. Andikeni kwamba lengo lake ni kufupisha safari ya nyumba kadhaa, mzihesabu hizo nyumba, na mpime hilo. Ukilipeleka barazani kama jambo la pesa, mzee wa hesabu atalikata kwa dakika moja, na atakuwa na haki. Ukilipeleka kama huduma, mwakilishi wa parokia na shefu wa kartie watakuwa na kitu cha kutetea.

Mhasibu mstaafu, Kamalondo

Mama amesema jambo ambalo sikuliona. Hata hivyo huduma nayo inalipwa na pesa ile ile, kwa hiyo ngoja niseme ningepangaje matumizi.

Bomba lilipwe kutoka akiba mwezi wa Aprili, pamoja na mita mbili. Mapato ya ziada kwa mwaka huu ni meta 930 kwa franka 2,500, ukitoa ya muuzaji, kama franka milioni 1.86. Mwaka unaofuata kiangazi kizima kitahesabiwa, kama milioni 2.8, mbali na umeme utakaookolewa. Kwa hiyo bomba linajilipa ndani ya miaka mitatu hivi, na useme hivyo waziwazi badala ya kuwaachia waamini kwamba ni mwaka mmoja.

Vituo viwili viamuliwe Agosti. Masharti yaandikwe leo: upotevu wa Julai uwe chini ya asilimia 15, na akiba isishuke chini ya gharama ya pampu mpya. Yakitimia, jenga. Yasipotimia, ahirisha, na hakuna atakayesema umebadilisha mawazo. Kwa mpango huo usiahidi mauzo ya vituo mwaka huu. Lengo lako liwe 15,500.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni sarafu. Mnauza kwa franka na mnanunua bomba kwa dola. Mwaka 2025 franka ilipata nguvu ghafla mbele ya dola, na kamati zilizokuwa zimeweka akiba kwa dola ziliona thamani yake kwa franka ikishuka, wakati mishahara ya walinzi inalipwa kwa franka. Watakuuliza akiba iko kwa sarafu gani na mpango umetumia kiwango gani. Chagua kiwango kimoja, kiandike juu ya ukurasa, na uonyeshe bomba litagharimu franka ngapi kiwango kikienda juu au chini kwa sehemu ya kumi.

Papa Kampemba

Mimi bado nasema 15,500 ni lengo la kuwalaza watu. Wauzaji wakisikia asilimia 6, watafanya kazi ya asilimia 6. Ningeliambia baraza 15,500 na wauzaji 16,500.

Mhasibu mstaafu, Kamalondo

Ruashi si Paris, Papa. Muuzaji wa kituo cha tatu ni shemeji wa mjumbe fulani, na tarakimu hizo mbili zitakutana kabla ya Jumapili.

Fundi wa pampu, Likasi

Nakubaliana na Mhasibu kuhusu tarakimu mbili, lakini hofu ya Papa nayo si ya bure. Muuzaji hawezi kuongeza umeme, ila anaweza kufungua saa kumi na moja asubuhi badala ya saa moja. Labda apewe lengo la saa za kufungua, si la meta.

Katibu wa Ruashi

Nimeandika upya ukurasa wote. Lengo ni 15,500, na chini yake mistari miwili inayoonyesha 930 inatoka wapi. Bomba na mita mbili ni Aprili. Vituo viko upande wa huduma, pamoja na idadi ya nyumba ambayo shefu wa kartie atanisaidia kuihesabu kesho, na uamuzi ni wa Agosti. Jenereta ina hesabu yake pembeni. Matokeo ya jaribio la usiku yana sahihi zetu watatu.

Nilichobaki nacho ni vile vituo viwili visivyo na mita. Mmoja wa wauzaji ni ndugu wa mjumbe wa baraza. Nikisema theluthi ya upotevu inapita vituoni, kila mtu atajua ninamaanisha nani, ingawa sina ushahidi juu yake.

Mama wa Katuba

Usiseme jina la kituo. Sema mita mbili zimekufa na zinabadilishwa.

Mhasibu mstaafu, Kamalondo

Na wakikuuliza moja kwa moja?

Mama wa Katuba

Atajibu kwamba mita ikianza kusoma Mei, mwezi wa sita watapata jibu kwa tarakimu.

Mhasibu mstaafu, Kamalondo

Mimi ningempigia simu huyo mjumbe kabla ya kikao, nikamweleza ukurasa wote, na theluthi hiyo pia. Kuna wanaoona kwamba kufanya hivyo ni kumpa nafasi ya kumwonya ndugu yake. Inawezekana. Lakini ndugu akionywa na daftari likaanza kuandikwa vizuri Januari badala ya Mei, kamati itakuwa imepoteza nini?